Video ya mahamri na maandishi yake: nini kiende juu, nini kiende chini

*"Kaka, nina tovuti ya mapishi ya Pwani. Nimepachika video yangu ya kupika mahamri, dakika 8, na juu yake nimeandika sentensi mbili tu. Kule YouTube inatazamwa, lakini Google haileti mtu kwenye ukurasa wangu. Mwenzangu ameniambia nibandike maandishi ya maneno yote ya video chini yake. Je, nikiyabandika yatosha? Na muhtasari niuweke wapi?"* — Msomaji, Kisauni, Mombasa

Dada, kuyabandika tu hakutoshi, kwa sababu katika video ya mapishi mikono husema mengi kuliko mdomo. Maandishi yako yatahitaji kufanyiwa kazi kabla hayajakusaidia. Muhtasari nao uweke juu kabisa, kabla ya video. Nimeitazama video yako mara tatu nikiwa na kalamu mkononi, kwa hiyo nitakujibu kwa kutumia mahamri yako hayo hayo.

Tuanze na kile ambacho Google inakiona sasa hivi. Video uliyoipachika ni kama dirisha ulilotoboa ukutani kwako ili mgeni aone nyumba ya jirani. Vyombo vinaonekana kutoka sebuleni kwako lakini ni vya jirani. Katika msimbo wa ukurasa wako kuna mstari mmoja tu unaosema "hapa fungua kichezeo cha YouTube", na maneno yote uliyosema kwa dakika nane hayamo. Google ikija kusoma inakuta kichwa cha habari, sentensi zako mbili, na dirisha. Sentensi zenyewe ni hizi: "Karibuni wapenzi wangu, leo nawaletea mahamri matamu ya Mombasa. Tazama video mpaka mwisho." Hapo hakuna unga, tui, hiliki wala hamira. Mtu akitafuta "kwa nini mahamri hayafuri", ukurasa wako hauna neno hata moja la kumjibu, ijapokuwa wewe umelijibu swali hilo vizuri sana kwenye dakika ya sita.

Kuna jambo la pili la kujua kabla hujaanza. Tangu mwaka 2023 Google imebana: picha ya video kando ya matokeo huonyeshwa pale tu ambapo video ndiyo shughuli kuu ya ukurasa, yaani mtu amefika pale ili aitazame. Ukurasa wa maandishi wenye video ndani yake kwa kawaida hauhesabiwi hivyo. Ukifungua Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, huenda ukakuta ujumbe `Video isn't on a watch page`. Usishtuke ukaanza kubomoa. Ujumbe huo unahusu kuorodheshwa kwa video tu. Maandishi ya ukurasa yanaendelea kusomwa na kupangwa kama kawaida. Mimi ningekushauri uchague njia moja: hapa kwako maandishi ndiyo yapande kwenye matokeo ya Google, video iwe msaidizi wake. Video yenyewe tayari inapanda kwa anwani ya YouTube, na huko ina nguvu kukushinda.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Nimeandika neno kwa neno ulichosema kuanzia dakika 3:32. Ni hivi:

> "Sasa hapa mwaona, namimina hii kidogo kidogo, kidogo kidogo hivi. Usimimine yote. Ukiona imekuwa hivi, basi. Ikiwa hivi bado, ongeza."

Kwa anayetazama, maelezo hayo yamekamilika. Anaiona sufuria ya tui, anauona unga unavyoshikana, na anakuona ukilibonyeza donge. Kwa anayesoma hakuna kitu. Neno "tui" halijatajwa, "unga" halijatajwa, na "hivi" limerudiwa mara tatu kwa maana tatu tofauti. Ukiyabandika dakika nane nzima kwa mtindo huo utapata ukurasa mrefu usiozungumzia mahamri. Google haitaona cha kupangia. Na hata mgeni akifika kwa bahati atasoma mistari minne na kurudi alikotoka.

Kwa hiyo yaandike upya kwa kanuni moja: kila "hii", "hivi" na "pale" iondoke, na jina la kitu liingie mahali pake. Kilichofanywa na mkono bila kusemwa kiandikwe kwenye mabano. Kipande kile kile kikawa hivi:

> "Namimina tui la nazi la uvuguvugu kidogo kidogo huku nakanda. Usimimine tui lote kwa mara moja. Ukiona unga umeshikana na hauachi chembe kwenye bakuli, basi. Ukiwa bado unavunjika-vunjika, ongeza tui kijiko kimoja kimoja. [Donge linabonyezwa kwa kidole, shimo linajaa taratibu.]"

Sauti bado ni yako. Sijakugeuza kuwa kitabu cha shule, na "basi" yako nimeiacha. Lakini sasa mtu asiye na bando la kutazama video anaweza kukanda unga kwa kusoma tu, na kiziwi pia anaweza. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi kwa kila ukurasa wa aina hii: nafunga video, nasoma maandishi peke yake, kisha najiuliza kama ningeweza kuifanya kazi ile. Nikikwama mahali, hapo pana pengo.

Mapengo makubwa huwa kwenye vipimo. Mara mbili kwenye video umesema "kikombe hiki" ukikiinua. Msomaji hakioni, na hata mtazamaji hajui kinachukua kiasi gani. Kipime mara moja kwa maji, uandike mililita zake. Vile vile umesema "acha uumuke" bila kutaja muda, kisha video ikakatwa na donge likatokea limeshaumuka. Kwenye maandishi jaza: umeliacha muda gani, na jikoni kulikuwa na joto kiasi gani. Kwa hali ya hewa ya Mombasa donge huumuka haraka kuliko kwa msomaji wako wa Limuru, na ukimwambia hivyo utamwokoa asije akakaanga donge ambalo halijawa tayari.

Kama unategemea manukuu ya YouTube yanayojitengeneza yenyewe, yachukue kama rasimu tu. Mashine hukosea hasa yale maneno unayoyahitaji zaidi. Niliwahi kumsaidia fundi wa friji hapa mjini aliyebandika manukuu ya aina hiyo bila kuyasoma. Kila alipotaja kifaa kwa jina la mafundi, mashine iliandika neno jingine linalofanana sauti. Ukurasa mzima ulikuwa na maneno zaidi ya elfu moja, na jina sahihi la kifaa alichokuwa akikitengeneza halikutokea hata mara moja. Yeye alidhani Google inamchukia. Kwako wewe angalia hasa hiliki, hamira, tui, na vitenzi kama kusukuma na kuumua. Sikiliza mwenyewe, kipande kwa kipande, huku ukipunguza kasi ya video. Video ya dakika nane hunichukua kama saa moja na nusu kuiandika na kuisafisha, na sijapata njia ya mkato ninayoiamini.

Ukishamaliza, yakate maandishi kwa vichwa vidogo vinavyofuata hatua zako, na kando ya kila kimoja andika dakika. Kwa video yako naona vinne: kukanda unga kwa tui, kuumua donge, kusukuma na kukata pembetatu, na kukaanga. Hicho cha mwisho ningekiita "Mafuta yawe na moto kiasi gani ili mahamri yafure", kwa sababu hilo ndilo swali watu wanalouliza, na kichwa kidogo ni mahali pazuri pa kuliweka. Vifanye vichwa vya kweli, yaani `h2` au `h3`, usiridhike na kuyakoleza maneno. Usirundike "mahamri ya Mombasa" katika kila mstari ukidhani ndiyo itakupandisha; Google inaihesabu tabia hiyo kuwa udanganyifu, na msomaji naye anachoka.

Hapa niongeze neno kuhusu maneno, maana sisi wa Pwani tuna mtego wetu. Wewe unasema mahamri, na wa bara wengi wanaandika mandazi. Wewe unasema hamira, mwingine anasema isti. Unasema yamefura, mwingine atatafuta yameumuka au yamevimba. Huna haja ya kuacha lugha yako. Tumia neno lako kote, kisha mahali pamoja, kwa sentensi ya kawaida, ulitaje lile jingine: "Mahamri ni ndugu wa mandazi, ila haya hukandwa kwa tui na hiliki." Sentensi moja ya kweli kama hiyo inatosha. Ukitaka kujua watu wanaandika nini hasa, anza kuandika "mahamri" kwenye Google kwa simu yako uone inavyokumalizia. Na ukurasa ukishakaa wiki kadhaa, fungua Search Console sehemu ya `Performance`, kisha `Queries`, usome maneno waliyoyatumia wageni wenyewe.

Muhtasari sasa. Wengi wanauandika kama utangulizi: karibu, leo nitakuonyesha, usisahau kubofya kengele. Hayo yaseme kwenye video. Muhtasari ni jibu lenyewe kwa ufupi, ili mtu akisoma huo tu na kuondoka awe amepata kitu. Nao ukae juu kwa sababu msomaji wa simu anaona inchi chache tu kabla ya kuamua kukaa au kurudi, na kwa sababu Google mara nyingi huchukua kipande cha maandishi kinacholingana na swali na kukionyesha chini ya jina la ukurasa. Kwa ukurasa wako ningeandika hivi, nikichukua yale yale uliyoyasema:

> "Mahamri yasiyofura huwa na moja kati ya kasoro tatu: hamira iliyokufa, donge lililosukumwa kwa unga mwingi likakauka, au mafuta yasiyopata moto wa kutosha. Kwa vikombe 4 vya unga wa ngano tumia kikombe 1 na robo cha tui la uvuguvugu, acha donge liumuke mpaka liwe maradufu, kisha tumbukiza pembetatu katika mafuta ambayo kipande kidogo cha unga kinapanda juu mara moja. Video ya dakika 8 iliyo hapa chini inaonyesha kila hatua."

Ona kwamba muhtasari hauyarudii maandishi ya chini kwa mpangilio wake. Video inaanza na kuchekecha unga. Muhtasari unaanza na shida inayomleta mtu. Ukiandika muhtasari kwa kufuata saa ya video utapata orodha ya matukio, na anayetafuta jibu hatalipata mpaka mwisho.

Basi mpangilio wa ukurasa uwe kichwa, muhtasari, video, orodha ya vitu vinavyohitajika, kisha maandishi yaliyokatwa kwa vichwa. Kama unaona maandishi ni marefu mno na unataka kuyakunja, ruhusa ipo. Google inayasoma maandishi yaliyokunjwa na haiyapunguzii uzito, kwa sharti moja: yawe yamo ndani ya ukurasa tangu unapofunguka. Njia safi ni hii:

```html
<details>
  <summary>Soma maneno yote ya video</summary>
  <h3>Kukanda unga kwa tui (2:50)</h3>
  <p>Namimina tui la nazi la uvuguvugu...</p>
</details>
```

Kinachoharibu ni plagini zenye kitufe cha "onyesha maandishi" ambazo huyaleta kutoka kwenye seva baada ya mtu kubofya. Google haibofyi vitufe. Kwako utayaona maandishi, kwa Google hayapo kabisa. Kujua ni rahisi: fungua ukurasa kwenye kompyuta, tazama chanzo chake kwa `Ctrl+U`, kisha `Ctrl+F` na utafute maneno ya katikati ya maandishi, kwa mfano "unavunjika-vunjika". Usipoyakuta, yamefichwa. Halafu hakikisha kwa Google yenyewe: kwenye Search Console weka anwani ya ukurasa katika `URL Inspection`, bofya `Test live URL`, kisha `View tested page`, na utafute maneno yale yale. Mimi binafsi kwa ukurasa wa mapishi ningeyaacha wazi, bila kukunja, kwa kuwa ndiyo chakula chenyewe. Kukunja kunafaa kwa mahojiano marefu. Na usiyaweke kama picha au faili la PDF la kupakua. Hayo hayahesabiwi kuwa maneno ya ukurasa huo.

Upande wa video kuna suala la uzito. Kichezeo cha YouTube huleta mzigo wake hata kabla mtu hajabofya, na msomaji wako wa Likoni mwenye bando la siku anaulipia. Ukurasa ukichelewa, muhtasari wako mzuri hausomwi. Angalau pachika hivi:

```html
<iframe width="560" height="315" loading="lazy"
  style="width:100%;height:auto;aspect-ratio:16/9"
  src="https://www.youtube-nocookie.com/embed/KITAMBULISHO"
  title="Jinsi ya kupika mahamri yanayofura"
  allowfullscreen></iframe>
```

Badala ya `KITAMBULISHO` weka zile herufi 11 za video yako. Vipimo vya upana na urefu vinatenga nafasi mapema, ili maandishi yasiruke chini ghafla video inapofika na mtu akapoteza mstari. `title` inasomwa na simu ya asiyeona. `loading="lazy"` inachelewesha video mpaka msomaji akaribie, lakini kwako itasaidia kidogo tu, kwa sababu video yako iko juu na kivinjari huanza kuivuta ikiwa bado chini kidogo ya kioo. Kama kasi inakusumbua kweli, weka picha ya jalada peke yake, na kichezeo kije mtu akibofya. Plagini nyingi za WordPress zinafanya hivyo. Kwa njia hiyo Google huenda isiione video kabisa, nami naona ni biashara nzuri, maana tumeshakubaliana kwamba hapa kinachopanda ni maandishi.

Ile data ya `VideoObject`, yaani maelezo ya video yanayowekwa kwenye msimbo ili Google iyasome, iweke kama plagini yako inaijaza yenyewe. Inataka angalau jina la video, picha na tarehe ya kupandishwa. Haina uwezo wa kuyapandisha maandishi, basi isikukoseshe usingizi.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, nalo limewaumiza wengi. Ukishapata maandishi haya mazuri utashawishika kuyamwaga pia kwenye maelezo ya video kule YouTube, kwa sababu nafasi ipo, mpaka herufi 5,000. Usifanye hivyo. Maneno yale yale yakikaa kwako na YouTube, Google itachagua upande mmoja wa kuonyesha, na upande wenye nguvu si wewe. Kule weka sentensi mbili tatu tofauti, kiungo cha kuja kwako chenye ahadi mahususi kama "vipimo vyote na sababu za mahamri kutofura viko hapa", na orodha ya dakika. Orodha hiyo ianze na 0:00, iwe na angalau sehemu tatu, na kila sehemu isipungue sekunde 10, hapo YouTube itaigawa video kwa sura. Manukuu yaliyosahihishwa yapandishe bila wasiwasi, kwa sababu hayo ni ya kusomwa juu ya video.

Ukimaliza, rudi `URL Inspection` ubofye `Request indexing`, kisha uache. Kwa tovuti ndogo nimeona mabadiliko yakichukua wiki kadhaa, na kubadili ukurasa kila siku mbili kutakufanya usijue kipi kilisaidia. Baada ya mwezi fungua `Queries` na utafute maneno ambayo hayamo kwenye kichwa wala kwenye muhtasari, yako kwenye maandishi ya video pekee: "unga wa mahamri unavunjika", "mahamri yananyonya mafuta". Yakianza kuonekana, hata kwa mgeni mmoja mmoja, maandishi yanafanya kazi yake. Ukiona yanaonekana mara nyingi lakini hakuna anayebofya, shida iko kwenye jina la ukurasa au muhtasari, na hapo ndipo pa kurekebisha. Yasipoonekana kabisa, rudi kwenye chanzo cha ukurasa uhakikishe yapo.

Na ile video yako ya pilau, yenye muziki mwanzo mpaka mwisho bila neno hata moja, usihangaike kuitafutia maandishi yake. Hapo kaa chini uandike hatua za pilau kama mapishi ya kawaida, kwa kutazama mikono yako mwenyewe, kisha video ikae kati.